Uso Unachonyota Wiki ya Nne: Ya Kufanya na ya Kutofanya Kabla Hujabadilisha Hatua

Ujumbe uliingia kwenye simu ya duka Jumatatu asubuhi, hata shata halijafunguliwa lote: "Asalaam aleikum abaayo. Leo nimemaliza wiki nne na ile ratiba ya uso. Chunusi zimepungua kidogo lakini uso unawasha, umekauka, na pembeni mwa mdomo ngozi inabambuka. Losheni ndiyo inaniuma zaidi. Nibadilishe losheni gani?"

Nafanya kazi kwenye kemisti hapa Eastleigh, mwendo mfupi kutoka First Avenue. Ujumbe wa namna hii naupokea mara nyingi, kutoka kwa watu waliochukua adapalini ya asilimia 0.1 kwa ajili ya chunusi. Wengi huuliza swali moja, hatua gani ibadilishwe, na wengi huwa wameshalijibu wenyewe vibaya kabla ya kuniandikia. Kwa hiyo nimeyaandika haya, nikitumia kisa cha dada huyu kwa idhini yake. Yasome kabla hujanunua chupa nyingine.

Usiitupe hatua inayouma kwa sababu tu inauma.

Hili ndilo kosa kubwa, na ndilo lililomfanya aandike. Losheni ilimuuma, basi akaona losheni ndiyo mbaya. Lakini losheni ile ile alikuwa akiipaka mwaka mzima bila shida. Kilichobadilika ni ngozi iliyo chini yake. Tabaka la juu kabisa la ngozi limeundwa na seli bapa zilizolaliana, na katikati yake kuna mafuta yanayozishika pamoja na kuzuia maji yasitoke ndani. Sabuni kali huyayeyusha mafuta hayo. Asidi hulegeza seli. Adapalini huziharakisha seli mpya zije juu kabla hazijakomaa vizuri. Vikifanya kazi pamoja kila usiku, tabaka linapata nyufa usizoziona kwa macho, na chochote kinachopakwa baadaye kinapenya hadi kwenye mishipa ya fahamu. Losheni hupakwa mwisho, ndiyo maana hulaumiwa yenyewe. Ukiibadilisha, utanunua ya pili na ya tatu, nazo zote zitakuuma, huku kilichofungua ngozi kinaendelea kupakwa.

Fanya jaribio la maji kabla ya kuandika lolote.

Asubuhi, kabla hujapaka kitu, nawa uso kwa maji safi yaliyo vuguvugu kidogo, bila sabuni. Ugusegusie kitambaa laini, usisugue. Subiri dakika tano. Maji matupu yakikuchonyota, au ngozi ikakazika hata kucheka kukawa tabu, hakuna hatua moja ya kubadilisha. Tabaka lote limechoka na kila dawa isimame. Ikiwa maji hayana neno, ila kitu kimoja tu kinachoma na kuendelea kuchoma kwa dakika nyingi, hicho ndicho cha kushuku. Na ikiwa ni adapalini peke yake inayochonyota dakika moja au mbili kisha inatulia, na ngozi haijabadilika rangi wala kubambuka, usibadilishe kitu. Hiyo ni kawaida yake.

Dada yetu alilifanya jaribio siku iliyofuata. Akaniandikia kwamba maji yalimchonyota mashavuni na kuzunguka pua. Hapo swali la losheni likawa limekwisha.

Usiandike "inawasha" ukimaanisha "inachonyota".

Kiswahili kina maneno mawili na sisi tunayachanganya, halafu mwenye kusoma ujumbe anapotea. Kuchonyota ni ule uchungu wa ndimu kwenye kidonda: huja ukipaka, hushuka polepole. Hiyo kwa kawaida ni ngozi iliyochoshwa, na dawa yake ni kupumzishwa. Kuwasha ni kule kunakokufanya ujikune. Kuwasha kukiwa kukali, kukaja saa nyingi au siku moja mbili baada ya kupaka, na kukaandamana na vipele vidogo vya maji au uvimbe wa kope, yawezekana mwili umeikataa kemikali fulani: manukato, kihifadhi, hata kiungo cha losheni "ya asili". Hapo kupunguza siku hakusaidii. Kitu hicho kinaachwa kabisa, hata kama ni tone moja kwa wiki. Nilipomuuliza dada kama anajikuna, alisema hapana, ni kuchoma tu. Neno moja likatuokolea wiki mbili za kubahatisha.

Usitafute wekundu.

Maelezo mengi kwenye visanduku vya dawa yanasema ngozi "itakuwa nyekundu kidogo". Kwenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta weusi unaoelekea zambarau au kijivu, mng'ao kama wa karatasi ya nailoni kwenye mashavu, mikunjo midogo kwenye kona za mdomo, na ukwaruzo unapopitisha kidole. Piga picha mchana, kando ya dirisha, uso ukiwa mkavu, bila filta. Picha iliyopigwa chini ya taa nyeupe za vibanda vya nguo haionyeshi kitu.

Nalisisitiza hili kwa sababu ngozi zetu hulipa deni kwa njia yake. Palipochubuka au kuwaka kwa ndani huacha doa jeusi, na doa hilo hukaa miezi. Anayekuambia "vumilia, ndiyo dawa inafanya kazi" wakati maji yanakuchonyota anakupeleka kwenye madoa yale yale uliyokuja kuyatibu.

Andika kila kinachogusa uso, asubuhi na usiku, kwa mfuatano, na siku uliyoanza.

Ujumbe wa kwanza wa dada haukuwa na lolote kati ya haya. Nilipomwomba, orodha ilikuja hivi. Asubuhi: sabuni ya maji ya uso yenye asidi ya salisiliki asilimia 2, seramu ya vitamini C, losheni, sanskrini. Usiku: sabuni ile ile, tona ya asidi ya glaikoliki asilimia 7, adapalini, losheni. Adapalini alielekezwa aipake kila usiku wa tatu. Aliona wiki mbili za kwanza hazina shida, akaanza kuipaka kila usiku.

Hesabu naye. Salisiliki mara mbili kwa siku, glaikoliki mara moja, vitamini C ambayo aghalabu nayo hutengenezwa ikiwa na asidi kali, na adapalini kila usiku. Ni mara tano kwa siku ngozi inachokozwa. Yeye alikuwa akihesabu dawa moja, kwa sababu moja tu ndiyo iliyotoka kwa mfamasia. Nyingine zilitoka kwenye maduka ya vipodozi, na akilini mwake hizo ni za urembo. Ngozi haijui kitu umekinunua ghorofa gani.

Andika pia kiasi. Adapalini ya uso mzima ni punje moja ya minji, basi. Dada alikuwa akikamua mstari wa urefu wa kidole "ili ifike kila mahali". Chunusi haziishi haraka zaidi kwa mstari ule. Kinachozidi ni ukavu.

Usiache nje kile usichokihesabu kuwa dawa.

Niliuliza mara ya tatu: hakuna kingine? Kikaja kile nilichokuwa nakingoja. Alhamisi na Jumapili anapaka kasili. Kwa asiyejua, kasili ni unga wa majani ya mkunazi, na akina mama wa Kisomali wameutumia kuosha uso na nywele tangu zamani. Wengine huuchanganya na manjano au maziwa ya mtindi. Siupingi, na mama yangu mwenyewe anautumia. Lakini majani hayo yana saponini, ndiyo maana yanatoa povu ukiyakoroga na maji, na povu huondoa mafuta. Unga wenyewe una chembechembe, na ukiusugua wakati wa kuuondoa unakwangua. Kwenye ngozi isiyo na dawa, sawa. Kwenye ngozi ambayo usiku uliotangulia imepakwa adapalini, ni kuparura mahali palipo wazi. Liwa ya Pwani ikiachwa ikauke hadi ipasuke usoni, kisha ikaondolewa kwa kusugua, huleta shida hiyo hiyo.

Kwa hiyo iandike kasili. Iandike ndimu, mvuke, taulo ya kusugulia, uzi au wembe wa kuondolea nywele za juu ya mdomo. Nta iliyopakwa juu ya adapalini inaweza kuondoka na ngozi, nami nimeiona alama yake juu ya mdomo wa bi harusi siku mbili kabla ya arusi.

Sema ukweli kuhusu krimu ya zamani.

Hapa nawaomba, na siulizi ili kumhukumu mtu. Kuna krimu zinauzwa kwenye vikopo visivyo na jina, muuzaji amezichanganya mwenyewe, zinasifiwa kwamba zinasafisha uso kwa siku saba. Nyingi za namna hiyo huwa na steroidi kali kama klobetasoli, nyingine haidrokwinoni au zebaki. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado vinapita chini ya meza.

Mtu aliyepaka steroidi usoni kwa miezi, akaiacha ghafla siku aliyoanza ratiba mpya, ataungua, atakauka, atabambuka, pengine atatoka vipele vingi kuliko mwanzo. Wiki ya nne inamkuta katikati ya mateso hayo, naye analaumu adapalini. Ratiba haina hatia hata moja pale. Ukimpunguzia siku au kumbadilishia losheni, hujagusa chanzo. Huyo anahitaji daktari wa ngozi, na apeleke kikopo chenyewe, hata kama kimebaki ukoko. Dalili yake: uso ulikuwa laini na mweupe ajabu ulipokuwa ukipaka, na ukiruka siku mbili tu unawaka. Ikiwa ndiyo hali yako, hayo mengine yote niliyoyaandika hapa yasimame hadi umwone daktari. Usiirudie ile krimu kwa siri ili upate nafuu ya wiki moja.

Dada wa Jumatatu aliniambia hajawahi. Nilimwamini kwa sababu picha zake za zamani zilionyesha rangi moja usoni na shingoni.

Hesabu udhu.

Maelezo ya kwenye sanduku hudhani mtu ananawa uso mara mbili kwa siku. Hapa Eastleigh wengi wetu tunanawa kwa swala tano, na kwa sunna ni mara tatu kila udhu. Hiyo yaweza kufika mara kumi na tano kwa siku, mara nyingine kwa maji ya kisima yenye chumvi, kisha uso unafutwa kwa pembe ya shela. Maji yanapokauka juu ya ngozi huondoka na unyevu wake. Sikuambii uache. Nakuambia ratiba ipangwe ikijua hilo.

Adapalini ipakwe baada ya Isha, ukishajua hutatawadha tena. Nairobi Isha huingia karibu saa mbili usiku na Alfajiri ni saa kumi na moja na kitu, kwa hiyo dawa inapata usiku wote. Ngoja uso ukauke kabisa, kama dakika ishirini, kwa sababu adapalini juu ya ngozi mbichi huchoma zaidi. Mchana, baada ya kila udhu, paka losheni nyepesi ndani ya dakika moja au mbili, uso ukiwa bado na unyevu. Kichupa kidogo kikae mkobani. Vaselini nzito weka usiku, ili isiwe tabaka juu ya ngozi wakati wa kutawadha. Na siku hizi ambazo uso ni mgonjwa, kumbuka kuosha mara moja ndiko faradhi. Muulize sheikh wako ukiona moyo una wasiwasi.

Sabuni ya uso haina kazi kwenye udhu. Dada alikuwa akiitumia Adhuhuri "kuondoa vumbi la barabarani". Hiyo ni salisiliki mara ya tatu kwa siku, na haikuwa kwenye orodha.

Simamisha kila dawa kwa siku kumi na nne. Zote.

Nilimwandikia hivi. Adapalini, glaikoliki, vitamini C, sabuni ya salisiliki, kasili: kabatini. Asubuhi, maji matupu na losheni isiyo na manukato. Usiku, sabuni laini isiyo na povu jingi, mara moja, halafu losheni, na vaselini kidogo mahali panapobambuka. Sabuni ya kipande ya kuogea isipande juu ya shingo, kwa sababu nyingi ni kali kuliko inavyovumilia ngozi ya uso. Sanskrini ikichonyota, tafuta yenye zinki oksidi, hata kama itaacha weupe kidogo, au kaa na mtandio na mwavuli. Jua la hapa tulipo, karibu na ikweta na kwenye nyanda za juu, huyakoleza madoa.

Akauliza: chunusi zikirudi? Zinaweza kurudi chache. Wiki mbili hazifuti kazi ya wiki nne. Dawa hii matokeo yake hupimwa karibu wiki ya kumi na mbili, kwa hiyo wiki ya nne si mahali pa kuamua kama imefaulu. Ni mahali pa kuamua kama ngozi inaimudu. Kwa kawaida ukavu huwa mwingi wiki za mwanzo kisha hupungua. Ukiona wiki ya nne ni mbaya kuliko ya pili, mambo yanaelekea pabaya, hata kama uchungu wenyewe ni mdogo.

Usirudishe vitu viwili kwa pamoja.

Subiri hadi jaribio la maji lipite siku tatu mfululizo. Kisha irudi adapalini peke yake, kwa sababu ndiyo uliyoijia. Usiku, mara mbili kwa wiki, mathalani Jumapili na Jumatano. Losheni kwanza, punje ya minji juu yake, losheni tena. Kona za mdomo, mbavu za pua na chini ya macho paka vaselini kabla, ili dawa isikusanyike hapo. Kaa hivyo wiki mbili. Ikitulia, ongeza usiku wa tatu. Kila usiku si lazima, na kuna watu ambao hawafiki huko maisha yao yote na nyuso zao ziko sawa.

Kingine chochote kikirudi, kirudi baada ya hapo, kimoja, na kipewe wiki mbili peke yake. Ukirudisha vitamini C na glaikoliki Jumamosi moja, halafu Jumanne uso ukachoma, utaniandikia tena kuuliza hatua gani, na sitakuwa na jibu. Kwa dada huyu nilimwambia wazi kwamba tona ya glaikoliki na sabuni ya salisiliki asizirudishe kabisa. Kazi yake inafanywa na adapalini. Alisikitika, ile tona ilikuwa ghali. Nilimwambia aipake miguuni, visigino vinaipenda.

Kasili? Baada ya miezi mitatu, mara moja kwa wiki, usiku usio wa dawa, iwe uji laini, ioshwe ikiwa bado mbichi.

Usiniandikie, nenda hospitali: kope zikivimba, malengelenge yakitoka, uso ukitoa maji au usaha, midomo ikifura, au pumzi ikibana. Na ukigundua una mimba, au unaitafuta, adapalini inasimama siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya kliniki.

Ukiandika tena, andika hivi. Nauweka ujumbe wake wa pili wote, maana ndio ulionipa la kufanya:

"Abaayo, leo ni wiki ya nane tangu nianze, wiki ya nne tangu nisimamishe. Siku 14 sikupaka dawa. Maji yaliacha kuchonyota siku ya 9. Tangu siku ya 15 napaka adapalini Jumapili na Jumatano, punje moja, katikati ya losheni. Kupaka kunachonyota kama dakika moja, kisha basi. Sijikuni. Hakuna kubambuka ila kona ya kulia ya mdomo, kidogo. Chunusi mpya tatu kidevuni. Udhu mara tano, losheni baada ya kila mmoja, sabuni usiku tu. Hakuna kasili. Sina mimba. Picha ya dirishani hii hapa. Niongeze usiku wa tatu au nikae?"

Nilijibu kwa mistari miwili. Ongeza Ijumaa usiku, na kona ya mdomo izidishiwe vaselini. Ikibambuka tena, rudi kwenye mbili.